Kutafsiri Cheti cha Kuzaliwa kwa Maombi ya Viza: Mihuri, Maandishi ya Mkono na Lakiri

Idara ya uhamiaji ya Kanada, ambayo waombaji wengi wanaifahamu kwa kifupi chake IRCC, hutaka kila hati isiyo ya Kiingereza wala Kifaransa iambatane na tafsiri, na imetamka wazi kwamba mihuri isiyo katika lugha hizo mbili nayo ni lazima itafsiriwe. Sehemu ya kwanza ya sharti hilo inafahamika kwa kila mtu anayeandaa maombi, lakini ya pili husahauliwa, na ndiyo inayofanya tafsiri nzuri ya maneno yaliyochapwa ihesabiwe kuwa pungufu. Mwongozo huu unaufuata mkondo wa mwombaji aliyeko Dodoma ambaye cheti chake, au cha mtoto wake, kimejazwa kwa kalamu, kina muhuri uliofunika baadhi ya maneno, na kina masahihisho ya mkono. Nimechukua Kanada kwa sababu masharti yake yameandikwa kwa ukamilifu. Anayeomba viza ya nchi nyingine ataikuta kazi ya kusoma na kutafsiri ileile, ila namna ya kuithibitisha tafsiri ndiyo itakayobadilika.

Mtu asidhani kuwa cheti kilichochapwa kwa Kiingereza kimeepuka kazi hii. Vyeti vyetu hutofautiana kwa miaka na kwa aina ya fomu, na si ajabu kukuta vichwa vya fomu vikiwa vya Kiingereza ilhali muhuri wa ofisi ni wa Kiswahili, au neno moja la Kiswahili limeandikwa pembeni na msajili. Cheti cha namna hiyo bado kinahitaji tafsiri ya sehemu hizo, hata kama ni mistari miwili tu.

Kabla ya kutafsiri: karatasi iwe imekamilika

Tafsiri hufanywa mwishoni, baada ya kila muhuri unaohitajika kugongwa. Wapo wanaopeleka cheti kwa mfasiri, wakalipia tafsiri, kisha wakaenda kwa wakili kuthibitisha nakala, na huko ikagongwa mihuri miwili ambayo mfasiri hakuiona. Tafsiri waliyonayo sasa inaeleza karatasi ambayo haipo tena. Kwa hiyo, kama unahitaji nakala iliyothibitishwa na wakili, ithibitishe kwanza. Kama ubalozi au chuo kimekutaka upate uthibitisho wa cheti kutoka Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, au muhuri wa wizara yenye dhamana ya mambo ya nje kule Mtumba, upate kwanza. Mfasiri aipokee karatasi ikiwa katika hali ileile itakayoonekana na afisa wa viza.

Jambo la pili ni kuchagua karatasi ipi itakayotafsiriwa, ya asili au nakala iliyothibitishwa, kwa sababu hizo ni karatasi mbili tofauti. Nakala iliyothibitishwa ina mihuri ya wakili ambayo cheti cha asili hakina, na cheti cha asili kina lakiri ya kubonyezwa, yaani muhuri usio na wino unaoinua herufi kwenye karatasi, ambayo kwenye nakala haigusiki. IRCC hutaka uwasilishe picha ya karatasi ileile ambayo mfasiri aliifanyia kazi. Amua moja, na uiandike katika kichwa cha tafsiri: «Tafsiri kutoka cheti cha asili» au «Tafsiri kutoka nakala iliyothibitishwa». Ninapendelea cheti cha asili kila inapowezekana, kwa kuwa nakala hupoteza rangi za wino na alama za kubonyezwa, na mfasiri hubaki akikisia kama doa fulani ni muhuri au ni uchafu wa mashine.

Kama cheti hakijalaminetiwa, usikilamineti. Plastiki ile huisawazisha lakiri hadi isisomeke, huzuia ofisi kugonga muhuri mpya wa uthibitisho, na hung'aa chini ya taa kiasi kwamba picha ya simu hutoka na doa jeupe katikati ya maandishi. Kilicholaminetiwa tayari kipelekwe kwenye skana bapa, si kupigwa picha.

Nani anaruhusiwa kutafsiri

Mwombaji hawezi kujitafsiria, hata kama ni mwalimu wa Kiingereza. Vilevile tafsiri ya ndugu haikubaliki, na orodha ya IRCC ni ndefu: mzazi, mlezi, kaka, dada, mwenzi, babu, bibi, mtoto, shangazi, mjomba, mpwa na binamu. Kwa hesabu ya ukoo wetu, baba mdogo na baba mkubwa wanaingia humo. Hata ndugu huyo akiwa wakili au mfasiri wa kazi, zuio linabaki palepale. Katika familia nyingi za Dodoma msomi wa kwanza anayefikiriwa ni mtoto wa baba mdogo anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Huyo anaweza kukusaidia kusoma mwandiko, lakini jina lake halipaswi kuonekana kwenye tafsiri.

Njia zinazobaki ni mbili. Ya kwanza ni mfasiri aliyesajiliwa katika chama cha kitaaluma cha wafasiri, ambaye muhuri wake unaonyesha namba yake ya uanachama. Ya pili, ambayo ndiyo iliyo karibu na watu wengi, ni mfasiri asiye na usajili wa namna hiyo lakini mwenye umahiri wa lugha zote mbili, ambaye ataambatanisha hati ya kiapo aliyoapa mbele ya kamishna wa viapo. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, hutoa huduma ya kutafsiri na kuthibitisha tafsiri, na ni mahali pazuri pa kuanzia. Hata hivyo, usidhani kuwa muhuri wa taasisi unachukua nafasi ya hati ya kiapo ambapo masharti ya viza yameitaja hati ya kiapo kwa jina.

Steshenari ni mahali pa kuchapa na kuskani, si pa kutafsiri. Mchapaji mwenye haraka hufuata fomu aliyoitumia kwa mteja wa jana, na mara nyingi mihuri haimo katika fomu hiyo. Ukichapisha huko, kaa hapo mpaka kazi imalizike na uombe faili lifutwe, kwa kuwa cheti cha kuzaliwa kina kila kitu ambacho tapeli anakihitaji.

Kuisoma karatasi kabla ya kuandika neno la kwanza

Skani cheti kwa rangi, pande zote mbili, kwa ubora wa dpi 600. Upande wa nyuma usioonyesha kitu nao uskaniwe, kwa sababu tafsiri itapaswa kusema kwamba hauna maandishi. Kisha chukua karatasi tupu uorodheshe kila alama unayoiona, ukianzia kona ya juu kushoto na kushuka: nembo, namba, vichwa, majibu ya kalamu, saini, mihuri, mistari iliyokatwa, vijialama vya pembeni, maandishi ya penseli. Usitafsiri bado. Orodha hii ndiyo utakayoirudia mwishoni kuhakiki kwamba hakuna kilichoachwa.

Muhuri uliogongwa juu ya maandishi una dawa yake, nayo inategemea rangi za wino. Kama mwandiko ni wa kalamu nyeusi na muhuri ni wa buluu, fungua picha katika programu ya bure ya GIMP, nenda `Colors > Components > Extract Component`, kisha chagua `RGB Blue`. Muhuri wa buluu utafifia sana na mwandiko mweusi utabaki umesimama peke yake. Ukichagua `RGB Red`, mambo hugeuka: muhuri wa buluu unakuwa mweusi, na herufi zake ambazo hazikuonekana huanza kusomeka. Sababu ni kwamba wino wa buluu hurudisha mwanga wa buluu na kuumeza mwekundu. Njia hii husaidia pia kwa wino wa zambarau, ingawa kwa kiasi kidogo, na haisaidii kabisa pale ambapo aliyejaza fomu alitumia kalamu ya buluu na muhuri nao ni wa buluu ileile. Hapo hubaki kioo cha kukuzia na uvumilivu.

Lakiri ya kubonyezwa, ambayo wengi huiita muhuri wa moto, haina wino na kwa kawaida haitoki kwenye skana. Weka cheti mezani katika chumba chenye giza kiasi, laza tochi ya simu ubavuni mwa karatasi ili mwanga uje kwa pembeni, na herufi zilizoinuka zitatupa vivuli. Piga picha hiyo na uihifadhi. Usisugue penseli juu ya lakiri ili isomeke, kwa sababu utakuwa umeongeza alama kwenye hati ya serikali.

Kanuni ya mabano ya mraba

Tafsiri ya cheti ina sauti mbili: sauti ya cheti na sauti ya mfasiri, na msomaji lazima azitofautishe kwa kutazama tu. Maneno yaliyo kwenye cheti huandikwa kama yalivyo. Kila kitu ambacho mfasiri anakieleza, yaani umbo la muhuri, rangi, mahali, kutosomeka, huwekwa ndani ya mabano ya mraba. Mifano ninayoitoa hapa nimeiandika kwa Kiswahili ili ifuatilike, lakini kwenye tafsiri yenyewe mabano na yaliyomo yote huwa katika lugha ya tafsiri.

Maelezo ya muhuri yana mambo manne: aina, rangi, mahali ulipo, na maneno yake yote. Kwa mfano: «[Muhuri wa mviringo, wino wa buluu, chini kulia, umefunika sehemu ya tarehe ya kutolewa. Maneno: Msajili wa Vizazi na Vifo, Wilaya ya Bahi]». Muhuri wa tarehe huwa na tarehe katikati, nayo ni sehemu ya maneno. Kama muhuri umegongwa nusu, tafsiri nusu hiyo na useme kwamba iliyobaki haikutoka. Usiukamilishe kwa kuwa unalijua jina la ofisi.

Kiswahili huita muhuri kitu chenye wino na kisicho na wino vilevile, wakati Kiingereza kina neno moja kwa alama ya wino na jingine kwa lakiri iliyobonyezwa au kubandikwa. Afisa anayesoma kwamba kuna lakiri ya kubonyezwa ataitafuta kwenye karatasi, na asipoiona atauliza. Ndiyo maana aina ya muhuri hutajwa kwanza kabla ya maneno yake.

Juu ya cheti pana Nembo ya Taifa. Haihitaji kuelezwa mwanamume na mwanamke, ngao na Mlima Kilimanjaro, bali inatosha «[Nembo ya Taifa ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania]», na kama kaulimbiu ya Uhuru na Umoja inasomeka, itafsiriwe, kwa kuwa ni maneno ya Kiswahili yaliyo kwenye karatasi.

Saini haitafsiriwi wala haikisiwi. Andika «[Saini]», na kama haisomeki, «[Saini isiyosomeka]». Jina lililochapwa au kuandikwa chini ya saini ndilo linaloandikwa. Hapa kuna herufi tatu ambazo wafasiri wengi huziruka: «k.n.y.» mbele ya cheo. Zinamaanisha kwa niaba ya, na zinaonyesha kuwa aliyetia saini si msajili mwenyewe bali mtumishi aliyemwakilisha. Ukiziacha, tafsiri yako inadai kwamba msajili alisaini, jambo ambalo cheti hakisemi. Afisa akilinganisha saini hiyo na ya msajili kwenye hati nyingine, tofauti itaonekana kama kughushi.

Cheti kimoja, kutoka juu hadi nyuma

Tuchukue cheti cha mfano kilichotolewa wilayani Bahi mwaka 2016, fomu imechapwa kwa Kiswahili na kujazwa kwa kalamu nyeusi. Mtoto anaitwa Yohana, baba Petro, mama Mariamu.

Majina yanakuja kwanza, nayo hayatafsiriwi kamwe. Yohana hawi Joni wa Kiingereza, Petro habadilishwi, na Mariamu hapotezi «u» yake ya mwisho hata kama pasipoti ya mama imeandikwa Mariam. Hilo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu mwombaji atakuomba «uliweke sawa na pasipoti». Usikubali. Mfasiri akilinganisha majina kwa mkono wake, cheti na tafsiri vinatofautiana, na afisa mwenye karatasi zote mbili mbele yake ana sababu ya kuikataa tafsiri nzima. Tofauti ya herufi kati ya cheti na pasipoti huelezwa na mwombaji katika barua yake au katika hati ya kiapo ya majina, au husahihishwa kwa msajili. Mfasiri pia asiamue jina gani ni la ukoo. Mtoto wetu ana jina lake, jina la baba na jina la babu, na fomu ya viza ndiyo itakayomtaka mwombaji achague. Kwenye tafsiri, majina matatu yabaki kwa mpangilio wa cheti.

Jinsi imeandikwa «Me». Kifupi hiki, pamoja na «Ke», hutafsiriwa kwa neno kamili, kwa sababu msomaji wa Kiingereza akikiona «Me» atadhani ni neno la lugha yake.

Tarehe ya kuzaliwa imeandikwa 3/11/2015, na tarakimu ya 3 imeandikwa juu ya tarakimu nyingine. Mambo mawili yanakutana hapa. Kwanza ni mpangilio: sisi huanza na siku, wengine Amerika ya Kaskazini huanza na mwezi, na tarehe hiyo kwao inaweza kusomwa Machi 11. Kwa hiyo tafsiri iandike mwezi kwa neno, 3 Novemba 2015. Pili ni tarakimu iliyoandikwa juu ya nyingine. Ukitumia njia ya rangi na kioo cha kukuzia, ukaona kwamba 3 ndiyo ya juu na pembeni pana herufi za kwanza za jina la aliyesahihisha, andika: «3 Novemba 2015 [tarakimu ya siku imeandikwa juu ya tarakimu nyingine isiyosomeka, pembeni pana herufi fupi za saini]». Umeripoti ulichokiona, na umemwonyesha afisa kwamba sahihisho lina saini.

Kama hakuna herufi hizo pembeni, na huwezi kusema kwa uhakika kama siku ni 3 au 8, simama. Hilo si tatizo la tafsiri tena, ni tatizo la cheti, na hakuna maneno ya mabano yatakayolitatua. Usajili wa vizazi wilayani huwa chini ya ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ambako Katibu Tawala wa Wilaya ndiye msajili. Huko, au kwa RITA, ndiko mwombaji anapaswa kwenda kuomba cheti kilicho wazi kutoka kwenye rejista. Tarehe ya kuzaliwa ya kubahatisha ni jambo baya zaidi kuliko kuchelewa.

Mahali alipozaliwa pameandikwa «Zah. ya kijiji», kisha jina la kijiji lisilosomeka vizuri: herufi nne za kwanza zinaonekana, zilizobaki zimefunikwa na mkunjo wa karatasi. Kifupi cha zahanati kinafunguliwa na kutafsiriwa. Jina la kijiji linaandikwa kwa herufi zilizopo, na baada yake «[herufi zilizobaki hazisomeki, karatasi imekunjwa]». Mzazi anaweza kukuambia kijiji ni kipi, na kwa hakika anakijua, lakini tafsiri inasema karatasi inasema nini, si mzazi anajua nini.

Majina ya mahali yaachwe kama yalivyo kwenye cheti hata kama mipaka imebadilika. Mtu aliyezaliwa mwaka 1995 katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Chemba atakuwa na cheti kinachotaja Kondoa, kwa kuwa Chemba ilimegwa kutoka Kondoa mwaka 2012. Kumwandikia Chemba ili kuendana na anwani yake ya sasa ni kubadilisha hati.

Chini ya fomu pana muhuri wa mviringo niliokwisha kuutolea mfano, saini isiyosomeka, na maneno «k.n.y. Msajili». Kushoto, chini ya mwanga wa pembeni, inaonekana lakiri ya kubonyezwa ambayo neno moja tu ndilo linalosomeka, «Tanzania». Maelezo yake: «[Lakiri ya kubonyezwa, haina wino, chini kushoto. Neno linalosomeka: Tanzania. Mengine hayasomeki. Lakiri haionekani kwenye picha ya skana]». Sentensi ya mwisho ni muhimu, kwa sababu afisa atakayepokea maombi kwa mtandao ataiona picha tu.

Nyuma ya cheti, kwa penseli, pameandikwa «Imechukuliwa na bibi 4/5/16». Mwombaji atashangaa kwa nini maneno haya yatafsiriwe, na wengine huyafuta kwa kifutio. Yasifutwe. Yanaonekana kwenye picha, ni ya Kiswahili, na afisa asiyejua yanasema nini hana njia ya kujua kwamba hayana uzito. Tafsiri: «[Nyuma, maandishi ya mkono kwa penseli:] Imechukuliwa na bibi 4/5/16 [yaani 4 Mei 2016]». Mwaka umekamilishwa ndani ya mabano kwa kuwa cheti chenyewe kimeandika tarakimu mbili tu. Bibi huyo anaweza kuwa mama wa baba au mama wa mama, au mwanamke yeyote aliyeheshimiwa kwa jina hilo. Tumia neno la Kiingereza la bibi mzaa baba au mama, na ongeza ndani ya mabano kwamba neno la asili linaweza pia kuwa la heshima.

Kama ungekuwa unatafsiri nakala iliyothibitishwa, hapo pangeongezeka muhuri wa wakili. Mihuri ya mawakili wengi tayari ni ya Kiingereza, nayo haitafsiriwi bali hunakiliwa, na mbele yake huwekwa «[kwa Kiingereza katika hati ya asili]».

Umbo la tafsiri

Panga tafsiri ifuate sura ya cheti kadiri inavyowezekana, jedwali kwa jedwali, muhuri wa chini kulia ukielezwa chini kulia. Afisa huweka karatasi mbili sambamba na kuhamisha macho, na mpangilio unaofanana humwondolea shaka upesi. Usiigize kwa kuchora nembo au muhuri kwenye tafsiri. Tafsiri yenye nembo ya taifa iliyobandikwa inaonekana kama cheti cha bandia.

Taasisi yenye jina rasmi la Kiingereza iandikwe kwa jina hilo, kama linavyoonekana kwenye tovuti yake ya serikali, si kwa tafsiri yako mwenyewe. Vyeo navyo ni hivyohivyo. Sehemu zilizoachwa wazi kwenye fomu zisiachwe wazi kimyakimya kwenye tafsiri, bali ziandikwe «[wazi]», na zile zilizopigwa mstari ziandikwe «[mstari]», kwa kuwa mstari unaonyesha kuwa mjazaji aliiona sehemu hiyo na hakuwa na la kujaza.

Kila ukurasa uwe na namba kwa mtindo wa 1 kati ya 2, jina la hati, namba ya cheti na saini fupi ya mfasiri.

Hati ya kiapo

Hati ya kiapo inaeleza mambo machache: jina kamili la mfasiri, anwani na kazi yake, kwamba anamudu Kiswahili na Kiingereza, kwamba alitafsiri hati iliyoambatanishwa, ikitajwa kwa namba na tarehe ya kutolewa, na kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, ikijumuisha mihuri, lakiri na maandishi ya mkono. Ningeongeza sentensi kwamba mfasiri hana undugu na mwombaji, ili swali hilo lisiulizwe. Tafsiri na picha ya cheti zinaambatanishwa kama vielelezo na kila kimoja kinawekewa alama.

Mawakili wetu huwa pia makamishna wa viapo, hivyo kumpata mmoja Dodoma mjini si kazi. Makosa yanayotokea ofisini mwao ni mawili. La kwanza ni mfasiri kutokuwepo: mwombaji huipeleka karatasi iliyokwisha kusainiwa na kuomba igongwe muhuri. Kiapo huapwa mbele ya kamishna na saini hutiwa mbele yake. Sehemu ya mwisho ya hati lazima ionyeshe jina la kamishna, mahali na tarehe ya kuapishwa, na jinsi alivyomtambua mwapaji, ama kwa kumfahamu mwenyewe ama kwa kutambulishwa na mtu anayemfahamu.

La pili ni lugha. Kwa kuwa hati nyingi za kiapo sasa huandaliwa kwa Kiswahili, karani anaweza kukupa kiolezo cha Kiswahili, au kamishna akagonga muhuri wenye maneno ya Kiswahili. Hati hiyo yenyewe itakuwa hati isiyo ya Kiingereza wala Kifaransa, nayo itahitaji tafsiri na kiapo kingine. Mwambie kamishna mapema kwamba hati inakwenda Kanada, na utazame muhuri wake kabla haujagongwa.

Kuhakiki na kupakia

Rudi kwenye ile orodha ya mwanzo. Mtu wa pili, asiyekuwa mfasiri, ashike cheti na kutaja kila alama moja baada ya nyingine, na mfasiri aonyeshe kwa kidole ilipo kwenye tafsiri. Tarakimu zisomwe moja moja kwa sauti: namba ya cheti, namba ya ingizo kwenye rejista, tarehe zote. Namba ndizo zinazokosewa zaidi, kwa sababu jicho linalosoma maneno huziruka.

Kisha unganisha katika faili moja la PDF, kwa mpangilio huu: tafsiri, hati ya kiapo, picha ya cheti mbele na nyuma, na picha ya lakiri iliyopigwa kwa mwanga wa pembeni. Kwenye mfumo wa IRCC nafasi ya hati hupokea faili moja, na ukubwa wake usizidi megabaiti 4, kwa hiyo picha za dpi 600 ulizozifanyia kazi zipunguzwe hadi dpi 300 kabla ya kuunganishwa. Fungua faili hilo lililopunguzwa, likuze kwenye skrini, na usome maneno ya muhuri mdogo kuliko yote. Yakiwa hayasomeki, punguza kurasa nyingine badala ya huo, au uskani upya ukurasa wa cheti peke yake.

Weka cheti cha asili, tafsiri yenye saini ya wino na picha za dpi 600 mahali pamoja, kwa kuwa afisa anaweza kuomba kuona karatasi zenyewe. Na kama kabla ya uamuzi wa viza utapewa cheti kipya kutoka kwa msajili, tafsiri ya zamani haitumiki tena hata kama majina na tarehe ni zilezile, kwa sababu mihuri, saini na namba ya karatasi vitakuwa vingine.